Mkataba unasema riba 17%, makato yanasema vingine. Nisaidieni kupiga hii hesabu

Nesi_wa_Manyoni

Wakuu, habari za humu.

Mwezi wa tatu nilichukua mkopo wa watumishi benki fulani (jina naliacha). Mkataba umeandikwa hivi: mkopo 6,000,000, muda miezi 36, riba 17% kwa mwaka kwa salio linalopungua. Rejesho la mwezi halikuandikwa kwenye mkataba, pale pameachwa nukta nukta. Afisa mikopo alisema "itasoma kwenye mfumo".

Imesoma 224,612 kila mwezi.

Mdogo wangu anasoma uhasibu mwaka wa pili. Kapiga hesabu kwa 17% kapata 213,916. Karudia, kapata hiyo hiyo. Tofauti ni kama elfu kumi na kitu kwa mwezi, lakini mara 36 ni pesa. Je, nimekatwa riba ambayo sikuisaini? Na nitajuaje kwa uhakika kabla sijaenda tawini kujiaibisha?

Kishoka_Mkavu

Nimekaa paleee na karanga zangu nasubiri wachumi.

Kibubu

Dada hapo umepigwa flati. Ndio mchezo wao. Wanaandika "salio linalopungua" halafu mfumo unakokotoa riba kwenye ile 6,000,000 mwanzo mpaka mwisho. Mimi walinifanyia hivyo 2021. Nenda kawaambie unaijua flati, utaona wanavyobadilika rangi.

Shemeji_wa_Iringa

Kwanza angalia kama mshahara unaobaki unafika theluthi moja. Kama haufiki, hayo makato ni batili na utumishi wanatakiwa kuyazuia. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri.

Kishoka_Mkavu

Shemeji, kaulizwa riba. Theluthi imeingiaje hapa?

Shemeji_wa_Iringa

Makato ni makato.

Mzee_Salio

Nesi, huyo mdogo wako apewe soda, hesabu yake iko sawa. Anayetaka kuhakikisha aandike hivi kwenye Eksel au Gugo Shiti:

```
=PMT(17%/12,36,-6000000)
```

Inatoka 213,916.

Sasa Kibubu, flati tuiondoe kwanza kwa sababu inapimika kwa peni na karatasi. 17% ya 6,000,000 ni 1,020,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 3,060,000. Jumlisha na mkopo, 9,060,000. Gawa kwa 36 unapata 251,667. Nesi anakatwa 224,612. Ingekuwa flati angekatwa elfu ishirini na saba zaidi ya hapo. Kwa hiyo wewe 2021 yawezekana ulipigwa flati kweli, ila huyu kapigwa na kitu kingine.

Geuza swali. Kama alipokea 6,000,000 kamili na anakatwa 224,612, ni riba gani inayozaa hilo rejesho?

```
=RATE(36,-224612,6000000)*12
```

Hapo utaona 20.5% na ushee. Lakini msikimbilie kusema benki imepandisha riba. Namba hiyo hiyo ya 224,612 inaweza kuzaliwa kwa njia mbili tofauti kabisa, na ukiangalia makato peke yake huwezi kuzitenganisha. Nesi, jibu maswali mawili: siku ya mkopo kuingia, kwenye akaunti ilisoma shilingi ngapi? Na iliingia tarehe ngapi?

Kibubu

Mzee Salio sawa, flati naikubali imeanguka. Lakini hiyo 20.5% umeitoa wapi? Mimi napiga hivi: 224,612 mara 36 ni 8,086,032. Toa 6,000,000, riba yote ni 2,086,032. Gawa kwa 6,000,000, gawa kwa miaka mitatu. Ni 11.6% kwa mwaka! Yaani kapewa nafuu kuliko mkataba. Tulia dada, ule mkopo wako.

Kishoka_Mkavu

Dakika kumi zilizopita kapigwa, sasa hivi kapewa nafuu. Kibubu wewe ni redio ya mbao.

Dr_Nukta

Kibubu, hesabu yako inachukulia kwamba Nesi anakaa na milioni sita mfukoni miaka mitatu yote. Hakai nazo. Kila mwezi anarudisha kipande cha mtaji, mwaka wa tatu unapoanza anadaiwa chini ya nusu ya mkopo wake. Ukigawa riba yote kwa mkopo mzima lazima upate namba ndogo. Afisa masoko wa mikopo anaipenda sana hesabu yako, mwombe kazi.

Nesi_wa_Manyoni

Asanteni. Mzee Salio, iliingia 6,000,000 kamili, hawakutoa hata mia. Tarehe 9 Machi. Makato ya kwanza yalikuwa 25 Aprili, mshahara wa Aprili. Hadi sasa nimekatwa mara tatu.

Halafu kuna kitu kingine kinanitisha: saleri slipu ya Juni inaonyesha salio la mkopo 7,412,196. Nilikopa milioni sita!

Mzee_Salio

Hiyo ya slipu isikutoe jasho. 7,412,196 gawa kwa 224,612. Ni 33 kamili. Slipu haihesabu deni lako, inahesabu makato yaliyobaki, riba za mbele zikiwa ndani. Ukitaka kumaliza mkopo leo hulipi hiyo namba. Usiitumie kwenye hoja yako hata kidogo, watakucheka.

Kuhusu 6,000,000 kuingia kamili, asante, hapo ndipo penyewe. Ada zote za benki zinalipwa na mtu. Kama hazikukatwa siku ya mkopo kuingia, basi ama zilisamehewa (mimi nimekaa idara ya mikopo miaka mingi, sijaona) ama ziko sehemu.

Afisa_Kivuli

Nipo kwenye hii sekta, jina sitaji. Dada, huenda ada zako zimepandishwa juu ya mkopo. Wateja wengi hawapendi kupokea pungufu: umeomba sita, unaona tano na laki saba, ugomvi unaanzia kaunta. Kwa hiyo mfumo unafungua mkopo kwa kiasi kikubwa zaidi, unakata ada na bima humo humo, wewe unapokea sita yako safi. Riba inabaki 17% kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyekuibia.

Mzee_Salio

Hiyo ndiyo njia ya kwanza niliyokuwa naisema. Chukua 224,612 gawa kwa 213,916. Inatoka 1.05. Maana yake kama riba ni 17% kweli, mkopo uliofunguliwa kwenye mfumo ni 6,300,000. Njia ya pili ni mkopo wa 6,000,000 kwa riba ya 20.5%. Rejesho ni lile lile.

Cha kuzitenganisha ni taarifa ya akaunti ya mkopo. Narudia, akaunti ya MKOPO, siyo ile ya mshahara. Ina namba yake. Iombe tawini kwa maandishi, pamoja na ratiba ya marejesho yenye safu za mtaji, riba na salio. Ikija, angalia mistari mitatu ya juu tu.

Jirani_254

Hapa kwetu Kenya tuliona haya mambo. Serikali ilifunga riba mwaka wa 2016, isizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, hadi sheria ikaondolewa Novemba 2019. Na hata kwa kile kipindi, ukitaka kujua mkopo wako unagharimu ngapi hukuwa unaangalia riba pekee, ulikuwa unaangalia ada pia. Riba inafungwa mlangoni, ada inaingilia dirishani.

Halafu dada, kuna sheria kwamba riba haiwezi kupita mtaji. Wakikuzidishia, waambie hivyo.

Dr_Nukta

Jirani, karibu. Sheria hiyo ni ya Kenya, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki yenu, na inawahusu waliokwama kulipa: mkopo ukishaharibika, riba haiendelei kuzaana bila kikomo. Nesi analipa kila mwezi na yuko Singida. Haimgusi mara mbili.

Jirani_254

Sawa daktari, nimekubali ya pili. Ya kwanza nitasoma tena.

Bi_Tunu

Nyie mnabishana na 17%, mimi nina kausha damu. Nilichukua 300,000, wakaniambia "mama riba asilimia ishirini tu". Narejesha 30,000 kila wiki, wiki kumi na mbili. Kila Jumatatu dada wa marejesho yuko kibarazani kwangu kabla sijawasha jiko. Hapo nikipiga kama mlivyomwonyesha Nesi inakuwa ngapi?

Dr_Nukta

Bi Tunu, badala ya miezi weka wiki:

```
=RATE(12,-30000,300000)*52
```

Ni 152% kwa mwaka, kwa kuzidisha wiki kwa 52 bila kubebesha riba juu ya riba. "Asilimia ishirini tu" waliyokutajia ni ya wiki kumi na mbili, na imepigwa kwenye 300,000 yote wakati wiki ya sita umesharudisha kama nusu.

Bi_Tunu

Mia na hamsini na mbili. Kesho Jumatatu nitamkaribisha chai nimsomee hiyo.

Kishoka_Mkavu

Bi Tunu usisahau kurekodi.

Afisa_Kivuli

Kuna uwezekano wa tatu ambao Mzee hajautaja. Mikataba mingi ina kifungu kwamba riba inaweza kubadilishwa kwa kumjulisha mteja. Angalia kurasa za nyuma, maandishi madogo. Yawezekana ilipandishwa kati ya siku ya kusaini na siku ya makato ya kwanza.

Mzee_Salio

Sijautaja kwa sababu ukiwepo utaonekana kama riba ya 20.5% kwenye mfumo, kwa hiyo mistari ile ile itausema. Ila Afisa, wewe unajua na mimi najua: kifungu hicho kinadai taarifa kwa mteja kabla. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za 2019, hazikuacha hilo hewani. Nesi aseme kama alipata barua au ujumbe.

Nesi_wa_Manyoni

Sijapata chochote.

Nimerudi na karatasi. Walinizungusha (mara mfumo uko chini, mara meneja yuko semina) lakini nilikuwa na barua ina muhuri wa kupokelewa, ikabidi watoe. Taarifa ya akaunti ya mkopo inasema hivi:

9 Machi, salio la kuanzia 6,300,000.
25 Aprili, riba 137,910, mtaji 86,702, salio 6,213,298.
25 Mei, riba 86,816, mtaji 137,796, salio 6,075,502.
25 Juni, riba 87,720, mtaji 136,892, salio 5,938,610.

Mnaona ninachokiona? Mwezi wa kwanza riba 137,910! Na mwezi wa tatu riba imepanda wakati deni limeshuka. Mimi naona wanachezea namba wanavyotaka.

Kibubu

Piga hiyo ya kwanza. 137,910 gawa kwa 6,300,000 zidisha kwa 12. Ni 26%! Nilisema mimi. Kapigwa.

Kishoka_Mkavu

Redio imerudi hewani.

Mzee_Salio

Kibubu, umegawa vizuri lakini umezidisha vibaya, na kosa hilo karibu kila mtu anayekagua mkopo hulifanya. Mstari wa kwanza ndio mbaya kuliko yote kwa kupima riba, kwa sababu si mwezi. Toka 9 Machi hadi 25 Aprili ni siku 47. Riba inahesabiwa kwa siku. 17% ya 6,300,000 ni 1,071,000 kwa mwaka, gawa kwa 365 ni 2,934.25 kwa siku, mara 47 unapata hiyo 137,910 yao bila kupungua shilingi.

Nenda mstari wa pili. 25 Aprili hadi 25 Mei ni siku 30. Chukua riba 86,816, gawa kwa salio la juu yake, yaani 6,213,298 (siyo salio la mstari wenyewe), zidisha kwa 365, gawa kwa 30. Inatoka 17.0%.

Na hiyo ya tatu iliyokutisha: 25 Mei hadi 25 Juni ni siku 31. Deni limeshuka lakini siku imeongezeka moja. Ipige mwenyewe kwa 31, utapata 17% tena. Machi utaona riba imeshuka ghafla, usidhani wamekuonea huruma.

Kwa hiyo riba ya mkataba ndiyo inayotumika. Kilichobadilika ni mtaji. Mkataba unasema 6,000,000, mfumo unasema 6,300,000.

Dr_Nukta

Naongeza kwa wanaokagua mikopo yao: kuna taasisi zinagawa mwaka kwa siku 360. Kwa 17% hiyo inageuka 17.24% bila neno lolote kubadilika kwenye mkataba. Nilidhani ndiyo kesi ya Nesi, lakini siyo. Kwa 360 riba ya Mei ingekuwa 88,022. Wao wamekata 86,816, hiyo ni 365.

Nesi_wa_Manyoni

Subirini. Kwa hiyo nimekatwa 673,836 kwa miezi mitatu, na deni limeshuka toka milioni sita niliyopokea hadi 5,938,610? Yaani nimepunguza elfu sitini na moja tu?

Mzee_Salio

Ndiyo. 312,446 zimekwenda riba, 300,000 zimelipia ule mtaji ambao hukuugusa mkononi, na hizo elfu sitini na moja ndizo zimepunguza hela uliyopokea.

Na kuna jambo dogo la mbele. Rejesho la 224,612 limepigwa kana kwamba mwezi wa kwanza ni wa kawaida, lakini wenyewe walikutoza siku 47. Ile riba ya ziada, kama elfu arobaini na tisa, haijaenda popote, inatembea na deni. Usishangae rejesho la mwisho likija kubwa kuliko mengine kwa kama elfu themanini, au likaongezeka la 37. Waulize leo wataliweka wapi, usisubiri kuulizia miaka mitatu ijayo.

Afisa_Kivuli

Nilisema tangu mwanzo: riba 17%, ada juu ya mkopo. Benki haijavunja mkataba. Uzi ufungwe.

Mzee_Salio

Usifunge, Afisa. Mkataba alioshika mteja una namba mbili, riba na mtaji. Moja imefuatwa, nyingine haikufuatwa. Ukimwambia mtu 17% ya 6,000,000 halafu ukatoza 17% ya 6,300,000, kwenye hela aliyopokea analipa 20.5%. Wewe unaita ada. Sawa, basi iandikwe ada, kiasi chake, na asaini.

Afisa_Kivuli

Kwa kawaida inaandikwa. Dada angalia karatasi ya viwango na gharama, huwa imeambatishwa na mkataba. Watu wanasaini bila kuisoma.

Nesi_wa_Manyoni

Ipo, ukurasa wa mwisho, imeandikwa kwa maandishi kama ya chawa. Inasema: ada ya kushughulikia mkopo 2%, bima ya mkopo 1%. Basi. Hakuna sentensi inayosema zitaongezwa kwenye mkopo.

Bi_Tunu

2 na 1 ni 3. Wao wameweka 5. Mimi sijasoma uhasibu lakini kuuza maandazi kumenifunza kurudisha chenji.

Dr_Nukta

Bi Tunu kamaliza. Ada 120,000, bima 60,000, jumla 180,000. Wamefungua mkopo na 300,000 zaidi. Laki moja na ishirini haina mwenyewe.

Afisa_Kivuli

Ada ya mkopo ina kodi ya ongezeko la thamani. 18% ya 120,000 ni 21,600.

Dr_Nukta

Sawa, 21,600 tunaikubali, ada za benki zinatozwa hiyo kodi, riba ndiyo haitozwi. Zimebaki 98,400.

Shemeji_wa_Iringa

Dada hukuwa na mkopo mwingine hapo kabla? Ukifanya topapu wanalipa deni la zamani ndani kwa ndani, na zile siku za katikati wanazitoza. Mimi lilinikuta hilo, nilibaki na laki kasoro nisiyoielewa.

Kishoka_Mkavu

Leo Shemeji kaleta hoja. Wekeni alama tarehe.

Nesi_wa_Manyoni

Nilikuwa na mkopo mdogo benki hiyo hiyo, ukaisha Januari. Nina barua ya kumaliza deni.

Shemeji_wa_Iringa

Barua ina tarehe gani, na makato ya mwisho yalikuwa ya mwezi gani? Barua inaweza kutoka kabla mfumo haujafunga akaunti.

Kibubu

Au bima ni mbili. Ya kifo na ya kupoteza kazi. Mimi mkopo wangu ulikuwa na zote mbili na niliambiwa moja.

Jirani_254

Ama ni ada ya mawakala. Kuna mtu alikuletea hiyo fomu hospitalini, si ndiyo? Yule analipwa na mtu.

Nesi_wa_Manyoni

Ndiyo, alikuja kituoni na fomu. Lakini alisema yeye ni mfanyakazi wa benki.

Mzee_Salio

Mtakisia mpaka asubuhi. Nesi, andika barua ya pili, fupi. Usiseme "mmenizidishia riba", kwa sababu riba ni 17% na watakujibu hivyo kwa furaha halafu faili litafungwa. Andika hivi: mkataba unasema mtaji 6,000,000, akaunti namba fulani ilifunguliwa kwa 6,300,000, naomba mchanganuo wa 300,000 ukiwa na risiti ya ada, cheti cha bima chenye jina la kampuni ya bima na kiasi cha malipo, na sahihi yangu iliyoidhinisha kiasi hicho kuongezwa kwenye mtaji. Ambatisha ukurasa wa mkataba na taarifa ya akaunti. Baki na nakala yenye muhuri. Wasipojibu au wakijibu nusu, peleka Benki Kuu kwenye dawati la malalamiko ukiwa na hiyo nakala, kwa sababu swali lao la kwanza litakuwa kama ulianza na benki yako.

Na ujue unachokidai kina thamani gani. Kila laki moja iliyoongezwa kwenye mtaji wako inakugharimu 3,565 kwa mwezi. Hizo 98,400 zisizo na mwenyewe ni kama 3,500 ya kila mwezi, jumla 126,000 na kitu kwa miezi 36. Wakikubali, usipokee 98,400 taslimu mkononi ukaondoka. Dai irudishwe kwenye akaunti ya mkopo kwa tarehe ya 9 Machi, ili riba iliyopigwa juu yake nayo ifutwe.

Kishoka_Mkavu

Mzee, wewe ulistaafu au ulifukuzwa kwa kujua sana?

Mzee_Salio

Nilistaafu kwa heshima zote, na bado wananikata mkopo wa gari.

Nesi_wa_Manyoni

Mrejesho. Barua ilijibiwa kwa simu, siyo kwa maandishi. Meneja anasema ada 120,000 na kodi yake 21,600 ni sahihi, bima 60,000 ni sahihi, na 98,400 ni "marekebisho ya mfumo" ya mikopo ya mwezi wa tatu, makao makuu wanalishughulikia. Nimemwomba aandike. Anasema hawezi kuandika kabla makao makuu hawajajibu.

Afisa_Kivuli

Miaka yangu yote sijawahi kuona mstari unaoitwa marekebisho ya mfumo kwenye mkopo mpya. Hapo naungana na Mzee, kwa shingo upande. Ila bado nasema zile 201,600 ni halali.

Mzee_Salio

Halali kuzitoza, ndiyo. Halali kuzipandisha kwenye mtaji bila sahihi yake, hapo hatujakubaliana.

Afisa_Kivuli

Alisaini karatasi ya gharama.

Mzee_Salio

Karatasi ya gharama inasema ni ngapi. Haisemi zilipwe kwa mkopo wa miaka mitatu kwa 17%. Angeulizwa, pengine angelipa kutoka mfukoni siku hiyo hiyo.

Nesi_wa_Manyoni

Ningelipa. Nilikuwa nazo.

Bi_Tunu

Nesi, meneja akisema "mikopo ya mwezi wa tatu" maana yake hauko peke yako. Yule aliyeleta fomu kituoni kwenu alipitia wangapi? Waulize wenzako wodini wafungue taarifa zao za mkopo.

Nesi_wa_Manyoni

Kituoni tulichukua wanne siku moja. Kesho nina zamu ya asubuhi na wawili kati yao.